Safari Imefika Garini

Mwezi Juni, mikorosho inapoanza kuchanua Newala, mtu aliye Masasi mjini anaweza kupata ujumbe wa namna hii kutoka kwa nduguye: "Safari imefika garini. Chukua mifuko miwili, mikorosho ya bondeni imeanza mbili unga." Aliyeutuma hakuchapa. Aliisemea simu, simu ikamwandikia. Kila neno ni la Kiswahili na tahajia haina dosari, lakini ujumbe hauna kichwa wala miguu.

Anayechapa kwa kidole akikosea huacha neno lisilokuwepo, tuseme "salga", na kosa linajitangaza lenyewe. Programu ya kuandika kwa sauti hukosea kwa namna nyingine, kwa sababu mara nyingi huishia kwenye neno inalolijua. Hupima mambo mawili kwa pamoja: sauti iliyosikika inafanana na maneno gani, na kati ya hayo ni lipi lililozoeleka katika maandishi iliyofunzwa. Sasa, "safari" imejaa kila mahali katika maandishi ya Kiswahili, ilhali salfa, ule unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho, hutajwa zaidi na wakulima wenyewe. Sauti ikiwa na utata kidogo tu, neno maarufu hushinda.

Na utata haukosekani. Kimakonde kina l, lakini r si sauti yake ya asili, hivyo "ghala" na "gari" zaweza kukaribiana sana kinywani mwa mzee wa Newala. Kimakua, kinachosemwa sana Masasi, hakina b, d wala g kama za Kiswahili. Aliyekulia katika lugha hiyo akisema "baba amekwenda shamba", simu yaweza kuandika kwamba papa amekwenda shamba, na sarufi haitapinga.

Turudi kwenye ujumbe. Anza na sehemu isiyotia shaka: mifuko miwili, mikorosho, bondeni. Ni kitu gani cha mikorosho kinachokuja kwa mifuko mwezi Juni? Salfa. Isome "safari" kwa sauti, uikimbize kidogo, na utasikia jinsi ilivyozaliwa. Salfa ikishajulikana, "garini" nayo inalegea: panapopokelewa salfa ni ghalani. Iliyobaki ni "mbili unga", na hapa mpangilio wa maneno unasaidia, maana Kiswahili hutanguliza jina kisha idadi. "Mbili" iliyotangulia "unga" haiwezi kuwa idadi ya kitu, basi ni kipande cha neno lingine. Irabu ya mwisho ya "imeanza" imemeza u iliyofuata, na kilichosemwa ni "imeanza ubwiri unga", ule ugonjwa wa ukungu mweupe unaokausha maua ya mkorosho, ambao salfa ndiyo dawa yake. Jibu la mwisho limethibitisha la kwanza.

Msaada mkubwa kuliko wote ni upatanisho wa kisarufi. Simu ikiandika "mabibi yameanguka chini ya mti", ile "ya" inaumbua kosa, kwani mabibi wangekuwa "wameanguka". Kilichoanguka ni mabibo. Kiswahili hurudia habari ya jina kwenye kitenzi na kwenye sifa, hivyo neno likiharibika, nakala yake hubaki pembeni. Lakini kinga hii ina tundu. Kama simu ingeandika "mapipa yameanguka chini ya mti", upatanisho ungekuwa sawasawa, na ungebaki kutegemea kwamba unajua shamba la mikorosho linavyokuwa msimu wa mavuno.

Tundu kubwa zaidi liko kwenye tarakimu. "Miwili" inashikamana na "mifuko", kwa hiyo inajilinda. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki kwa ngeli yoyote. Sitini na tisini ni silabi zilezile zilizopangwa upya, na deni la shilingi elfu sitini lina mantiki sawa na la elfu tisini. Kukanusha nako ni hatari: kati ya "itapatikana" na "haitapatikana" pana silabi moja laini inayopotea upesi kwenye upepo wa uwandani, na sentensi zote mbili zinaaminika. Hapo akili ya msomaji haina pa kushika, kwa sababu ujumbe hauonekani kuwa na kosa.

Kwa hiyo sentensi ya ajabu ina nafuu yake: angalau inakusimamisha. Ile iliyonyooka, yenye bei au idadi ya kilo ndani yake, ndiyo ya kupigiwa simu. Na ukipiga, usiulize "ni sitini?", maana laini ikikwaruza mwenzako atasikia tisini na kuitikia. Mwombe aitaje tarakimu mojamoja: sita, sifuri.