Homa imeshuka, lakini bado hujapona

Mvua ikinyesha Nairobi usiku kucha, asubuhi una mambo mawili ya kuchagua. Usubiri maji yapungue na uchelewe kazini, ama ukunje suruali, ushike viatu mkononi na uvuke. Wengi wetu huvuka. Maji ya kahawia yanafika magotini, unafika ng'ambo, unajipangusa na siku inaendelea. Kale kamchubuko ulikokuwa nako kisiginoni hata hukakumbuki.

Sasa, ndani ya maji hayo kunaweza kuwa na bakteria inayoitwa leptospira. Ni nyembamba mno na imejisokota kama waya wa springi. Makao yake ni figo za panya. Panya mwenyewe haumwi, anatembea zake vizuri tu, lakini kila akikojoa anaimwaga nje. Ikianguka mahali pakavu hufa upesi. Ikianguka kwenye tope au maji yasiyo na chumvi inaweza kuishi wiki kadhaa ikingoja. Mafuriko ndiyo huifanyia kazi ya usambazaji: yanajaza mashimo ya panya, yanazoa mkojo wao pamoja na maji taka ya mitaroni, kisha yanayaleta yote hadi mlangoni kwako. Watafiti waliopima panya wa Kibera walichapisha matokeo yao mwaka 2013, na karibu panya mmoja kati ya watano alikuwa na bakteria hii.

Si lazima panya akuume, wala si lazima uyanywe maji hayo. Mchubuko mdogo unatosha. Ngozi iliyolainika kwa kukaa majini muda mrefu pia inatosha, na vilevile tone likikurukia jichoni au mdomoni.

Ugonjwa wenyewe unaitwa leptospirosisi. Wenzetu wa Tanzania wanauita homa ya mgunda, jina lililosikika sana Julai 2022 ulipozuka mkoani Lindi na watu wakaanza kutokwa na damu puani. Na usidhani ni mambo ya huko tu, kwa sababu mwaka 2004 uliwapata wanafunzi kule Bungoma. Tatizo letu ni kwamba hapa nchini haupimwi sana, kwa hivyo mara nyingi mtu huugua, hutibiwa kitu kingine, na jina lake halitajwi kabisa.

Hebu tuhesabu siku, maana ugonjwa huu una kalenda yake. Tuseme ulivuka maji Jumatatu tarehe 1. Wiki hiyo yote uko poa. Kwa kawaida dalili huanza kati ya siku ya 5 na ya 14, ingawa zinaweza kuja baada ya siku mbili au zikachelewa hadi mwezi. Wewe zinakushika Jumatano tarehe 10, ghafla, kiasi kwamba unaweza kutaja saa. Homa kali, kutetemeka, kichwa kinagonga. Unatapika kidogo. Unasema, ah, si ni malaria tu.

Kuna dalili mbili hapa ambazo ningependa uzikumbuke hata ukisahau mengine yote. Ya kwanza ni maumivu ya misuli, hasa mgongo wa chini na ile nyama ya nyuma ya mguu chini ya goti. Si uchovu wa kawaida. Mtu akiiminya kidogo tu unaruka. Ya pili ni macho mekundu yasiyotoa usaha wala tongotongo. Yamejaa damu tu, kama ya mtu aliyekesha. Si kila mgonjwa huwa nazo, lakini homa yenye dalili hizi mbili, kwa mtu aliyekanyaga maji ya mafuriko wiki mbili zilizopita, si homa ya kumeza panadoli na kulala.

Unaenda kliniki ya mtaani. Unapimwa malaria, hakuna. Halafu kinafuata kile ambacho kila Mkenya anakijua: unaambiwa una taifodi. Kipimo cha haraka cha taifodi kinachotumika sana hapa kwetu hukosea mara nyingi, na homa nyingine zinaweza kukifanya kionyeshe taifodi isiyokuwepo. Unapewa sindano ya maumivu na mfuko wa vidonge, unarudi nyumbani. Simlaumu mhudumu sana. Hakujua ulivuka maji, kwa sababu hakuuliza nawe hukumwambia.

Siku hizi za mwanzo ndizo awamu ya kwanza, na hudumu siku nne hadi saba hivi. Bakteria ziko ndani ya damu, zinazunguka na kuingia kila kiungo. Kisha Jumapili tarehe 14 unaamka na homa imeshuka. Jasho limekauka, unaomba chai na mkate. Jumatatu unapiga simu kazini na kusema unarudi. Watu wengi hakika huishia hapo na kupona kabisa. Lakini kwa wengine hayo ni mapumziko ya siku moja hadi tatu tu. Kinga ya mwili imetengeneza silaha zake na kuzifagia bakteria kutoka kwenye damu, ndiyo maana homa ikashuka. Zile zilizokwisha kujificha kwenye figo bado zipo, na mvutano kati yake na kinga yako ndio unaoanza kukuumiza. Hiyo ndiyo awamu ya pili. Wapo pia wagonjwa ambao hawapati mapumziko hayo. Awamu zote mbili zinaungana, na mtu anazidiwa moja kwa moja.

Jumatano tarehe 17, rafiki yako anakuangalia na kuuliza, "Buda, mbona macho yako ni ya njano?"

Njano hiyo inatoka kwenye ini. Seli za ini hushikana kama matofali ukutani, na katikati yake kuna vijia vya kupitisha nyongo. Leptospira huachanisha seli hizo, nyongo inavuja na kuingia kwenye damu, ngozi na macho yanageuka. Ajabu ni kwamba seli zenyewe nyingi haziwi zimekufa. Hii humsaidia daktari kuutofautisha na homa ya ini inayoletwa na virusi: vipimo vitaonyesha rangi ya nyongo iko juu sana, ilhali vimeng'enya vinavyotoka kwenye seli za ini zilizoharibika vimepanda kidogo tu. Ini kwa kawaida hupona. Lakini ukiona njano, jua ugonjwa umeshafika hatua kali, ile madaktari wanayoiita ugonjwa wa Weil, na kinachotisha zaidi wakati huo ni figo.

Figo zina mirija midogo inayochuja mkojo na kurudisha mwilini chumvi na maji unayohitaji. Bakteria hupenya kwenye kuta za mirija hiyo, nazo zinavimba. Hapa kuna mtego. Mwanzoni mirija hushindwa kurudisha chumvi, hasa potasiamu, kwa hivyo unaweza kuwa unakojoa vizuri tu, hata zaidi ya kawaida, na figo tayari zinafeli. Ukisema "lakini nakojoa sawa" hujathibitisha lolote. Kipimo cha damu cha kreatinini ndicho kitakachosema ukweli, na si kipimo cha ajabu, kinapatikana katika hospitali nyingi. Baadaye, kwa sababu umetapika na huna maji mwilini, mkojo unapungua, unakuwa mweusi kama chai ya rangi, na unaweza kukoma.

Hapo pia ndipo zile dawa za maumivu zinapoleta balaa. Brufeni na diklofenaki hupunguza damu inayofika kwenye figo, na figo zilizovimba haziwezi kuvumilia hilo. Kama una homa baada ya mafuriko na hujui ni nini, parasetamoli kwa kipimo chake ndiyo salama zaidi, na mwambie wa kemisti hutaki ile nyingine.

Figo zikikoma, damu husafishwa kwa mashine. Habari njema ni kwamba, tofauti na mtu ambaye figo zake zimeharibiwa polepole na kisukari, mgonjwa wa leptospirosisi mara nyingi hurudishiwa figo zake baada ya siku au wiki chache, bora mashine ipatikane mapema. Agosti 2024, baada ya kimbunga kuizamisha Manila kule Ufilipino, taasisi ya taifa ya figo ilijaza vitanda hadi ikageuza ukumbi wake wa mazoezi kuwa wodi ya leptospirosisi. Kuna jambo moja baya kuliko figo: damu kuvuja ndani ya mapafu. Ukiona unakohoa damu au unakosa pumzi, usisubiri hata gari la bei nafuu.

Turudi tarehe 10, kwa sababu siku hiyo yote haya yangeweza kuzuiwa. Bakteria zikiwa bado ndani ya damu, dawa inazifikia kwa urahisi na kuziua kabla hazijatulia kwenye figo. Na wala si dawa ya bei kubwa. Mtu mzima asiye mahututi hupewa doksisaiklini ya miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 7. Mjamzito na watoto wadogo hupewa nyingine, kama amoksilini. Aliyezidiwa hulazwa na kupewa penisilini au seftriaksoni kwa mshipa. Ukichelewa hadi awamu ya pili bado utapewa, lakini sasa dawa inaua bakteria huku kuvimba kukiendelea kivyake, na ushahidi kwamba inasaidia wakati huo ni dhaifu zaidi. Saa chache baada ya dozi ya kwanza unaweza kutetemeka na homa ikapanda kidogo, kwa sababu bakteria nyingi zinakufa kwa pamoja. Mwambie daktari, usiache dawa.

Je, usubiri majibu ya maabara? Hapana, na daktari mzuri hatasubiri. Vipimo vya kingamwili katika siku za mwanzo huwa bado havionyeshi kitu, maana mwili haujazitengeneza za kutosha. Vile vya vinasaba hupatikana katika maabara chache. Kwa hivyo matibabu huanza kwa dalili na historia, na historia ni wewe unayeibeba. Ukikaa mbele ya daktari sema hivi: "Daktari, nilipita kwenye maji ya mafuriko siku tisa zilizopita, nilikuwa na kidonda mguuni. Inaweza kuwa leptospirosisi?" Sentensi hiyo itamfanya afikirie kitu ambacho pengine hakingemjia.

Usikimbilie kununua doksisaiklini kila mvua ikinyesha, lakini. Kuna nchi ambako madaktari huwapa waliokanyaga mafuriko dozi ya kinga ya miligramu 200, ila ushahidi wake haujakaa sawa na huamuliwa na daktari kwa mtu mwenye hatari kubwa, kwa mfano mwenye kidonda wazi au wanaookoa watu majini. Wewe gambuti, bandeji isiyopitisha maji juu ya kidonda, na sabuni ukifika nyumbani vitakufaa zaidi.

Ukiwa umeugua na ukapona, jambo moja limebaki. Wiki au hata miezi baadaye jicho linaweza kuuma, kuwa jekundu na kuona ukungu, kwa sababu ya kuvimba ndani yake. Nenda kliniki ya macho na uwatajie ugonjwa uliokuwa nao. Na msimu ujao maji yakija tena, kinga uliyoipata ni ya aina ile moja tu iliyokuugua. Leptospira zina aina nyingi.