Mkataba wa Ajira au Kazi ya Ushauri: Hesabu ya Mstaafu wa Serikali Kenya

Mtumishi wa serikali ya Kenya akifikisha miaka 60, mara nyingi simu huanza kulia kabla barua ya kustaafu haijakauka wino. Shirika fulani linamtaka mtu anayejua jinsi wizara inavyofanya kazi. Kampuni ya ujenzi inatafuta mhandisi aliyewahi kukagua miradi. Wakati mwingine ni ofisi ya umma yenyewe inayomwita tena. Fedha zinazotajwa hufanana, kwa mfano shilingi 200,000 kwa mwezi, na mstaafu huona hakuna tofauti kati ya kuitwa mfanyakazi wa mkataba na kuitwa mshauri. Tofauti ipo, na kwa mwaka mmoja inaweza kufika laki kadhaa.

Tuchukue mhandisi wa maji aliyestaafu mwaka 2025 akiwa na miaka 60. Ametumikia miaka 30, na mshahara wake wa mwisho wa msingi ulikuwa 120,000. Umri wake ulikuwa umezidi 45 mfumo mpya wa kuchangia ulipoanza Januari 2021, naye alichagua kubaki chini ya Sheria ya Pensheni, Sura ya 189. Katika sheria hiyo kila mwezi wa utumishi huhesabiwa kama sehemu moja ya 480 ya mshahara wa mwaka. Miezi yake 360 inampa robo tatu ya mshahara, yaani 1,080,000 kwa mwaka. Akichukua mkupuo, robo ya pensheni hiyo, 270,000, inazidishwa mara 20, naye anapokea 5,400,000 kwa pamoja. Robo tatu inayobaki ni 810,000 kwa mwaka, sawa na 67,500 kila mwezi.

Hesabu hiyo imefungwa siku aliyostaafu. Ada za ushauri atakazolipwa na kampuni au shirika baada ya hapo haziongezi hata mwezi mmoja kwenye ile 360, wala hazipunguzi zile 67,500. Wapo wastaafu wanaoficha kazi zao mpya wakidhani Idara ya Pensheni itawakata; kwa kazi ya nje ya serikali hofu hiyo haina msingi. Anayerudi katika utumishi wa umma ana sababu ya kuwa mwangalifu zaidi, nami nitalirudia hilo.

Upande wa kodi, mambo yamebadilika kwa faida yake. Hadi mwisho wa 2024, pensheni iliyozidi 25,000 kwa mwezi ilitozwa kodi kwa mstaafu ambaye hajafika miaka 65, na kipato kingine kilipoongezwa juu yake kilianza moja kwa moja kwenye viwango vya juu. Mabadiliko ya sheria za kodi yaliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024 yaliondoa kodi kwenye pensheni ya mtu aliyefikia umri wa kustaafu. Kwa hiyo zile 67,500 zinakaa kando, na kipato kipya kinaanza kuhesabiwa kutoka chini: asilimia 10 kwa 24,000 za kwanza za mwezi, asilimia 25 kwa 8,333 zinazofuata, kisha asilimia 30 hadi 500,000. Nafuu ya 2,400 kwa mwezi ambayo kila mlipa kodi hupata anaitumia yote kwenye kazi mpya.

Sasa tuzipime ofa mbili. Ya kwanza ni ajira ya mkataba wa mwaka mmoja kwa 200,000. Mwajiri atakata asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF, yaani 5,500, na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, yaani 3,000. Makato hayo mawili huondolewa kabla ya kukokotoa kodi ya mapato, na kodi inatoka takriban 49,800. Sikuweka NSSF kwa sababu mhandisi wetu ameshafika 60, ambao ndio umri wa pensheni katika sheria ya NSSF ya 2013. Akiona inakatwa kwenye stakabadhi yake ya mshahara, ni haki yake kumwuliza mhasibu kwa nini. Kwa mwaka mzima anabaki na 1,700,000 mkononi, na pensheni iko pembeni.

Ofa ya pili ni ushauri kwa ada ileile ya 200,000 kwa mwezi. Mteja anakata kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani 10,000, na kutuma 190,000. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mstaafu anaona 190,000 kwenye benki, anakumbuka kwamba ajira ingempa kama 141,700, na anaamini amepata kazi nono. Lakini ile asilimia 5 ni malipo ya awali tu, na kodi yenyewe inahesabiwa baadaye kwa viwango vilevile vya mshahara.

Tuifuate hadi mwisho. Ada ya mwaka ni 2,400,000. Mshauri anajilipia mafuta, intaneti, uchapishaji, bima ya kazi na mhasibu wa kumwandalia hesabu. Tuseme vyote ni 360,000. Ushuru wa nyumba anadaiwa pia, jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inatoza asilimia 1.5 kwa mapato ghafi ya asiye na mshahara, yaani kabla ya kutoa gharama zozote, na fedha hizo zinatakiwa KRA kufikia siku ya tisa ya kazi baada ya mwezi kuisha. Kwa mwaka ni 36,000. Mchango wa SHIF wa asiyeajiriwa hutokana na tathmini ya kipato cha kaya na hulipwa kwa mwaka. Hapa nimeuweka sawa na wa mwajiriwa, 66,000. Ukitoa hayo yote, kipato cha kutozwa kodi ni 1,938,000, na kodi yake baada ya nafuu ni 490,000. Zilizozuiliwa na mteja ni 120,000 tu, kwa hiyo anadaiwa 370,000 zaidi.

Deni hilo halingoji mwisho wa mwaka. Hulipwa kwa awamu nne, kufikia tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba, kwa hiyo awamu moja kwake ni 92,500. Salio, kama lipo, linalipwa kufikia 30 Aprili ya mwaka unaofuata, na ritani ya kodi inawasilishwa kwenye iTax kabla ya Juni kuisha. Anayechelewa kulipa hutozwa faini ya asilimia 5 ya kodi, na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Kwa mtu aliyekatwa kodi na mwajiri kwa miaka 30 bila kuigusa, haya ni mazoea mapya kabisa, na ushauri wangu ni afungue akaunti ya pembeni na kuweka humo 35,000 kutoka kila malipo kabla ya kununua chochote. Hizo zinatosha awamu nne za kodi na ushuru wa nyumba wa mwaka, na kinachobaki kinapunguza mzigo wa SHIF.

Baada ya yote, mshauri anabaki na 1,448,000. Amepungukiwa na 252,000 ukilinganisha na mwajiriwa. Ukichunguza utaona kodi haina kosa: pengo lote linatokana na zile 360,000 za gharama ambazo mwajiri angezibeba, ukitoa 108,000 ambazo gharama hizo zimempunguzia kodi. Na punguzo hilo lina masharti, kwa kuwa KRA sasa inakubali gharama zilizo na ankara ya eTIMS. Karatasi ya kituo cha mafuta isiyo na namba yake ya kodi haimsaidii, na yeye mwenyewe lazima amtolee mteja ankara ya eTIMS.

Kwa hiyo ada inayolingana na mshahara wa 200,000 ni kama 231,000 kwa mwezi, na hiyo ni kama kazi ipo miezi yote 12. Ikiwa atalipwa miezi tisa tu, ambalo ni jambo la kawaida kwa kazi za miradi, anahitaji karibu 308,000 kwa kila mwezi wa kazi. Mikataba ya ajira serikalini huwa pia na kiinua mgongo cha asilimia 31 ya mshahara wa msingi mwishoni. Ikiwa msingi ndani ya zile 200,000 ni 130,000, hicho ni 483,600 kwa mwaka kabla ya kodi, na kwa kawaida hukatwa kodi. Ukikiweka kwenye mizani, ada ya ushauri ya kulingana nayo inapanda hadi kama 273,000. Mstaafu anayetaja bei yake bila hesabu hii anajiuza rahisi, na waajiri wanalijua hilo.

Kuna njia ya mkato ambayo hushauriwa mara kwa mara, ya kujisajili kwenye kodi ya mauzo. Haimhusu. Sheria imeziondoa humo ada za kitaaluma, za usimamizi na za mafunzo. VAT nayo inamgusa tu ada zake zikifika milioni 5 kwa mwaka.

Aliyestaafu mapema, kati ya miaka 50 na 59, ana kipengele kimoja zaidi. Akiajiriwa, NSSF inakatwa: kwa viwango vilivyoanza Februari 2025, ilikuwa asilimia 6 ya mshahara hadi 72,000, yaani 4,320 kwake na 4,320 kwa mwajiri. Akiwa mshauri asiye na wafanyakazi, kuchangia NSSF ni kwa hiari. Kwa mwenye miaka 52, sehemu ya mwajiri, iliyokuwa karibu 52,000 kwa mwaka kwa viwango hivyo, si ya kudharau.

Nirudi kwa anayeitwa tena na ofisi ya umma. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inaruhusu mstaafu kupewa mkataba ikiwa ana ujuzi adimu unaohitajika, amekubali mwenyewe, na umri haujapunguza utendaji wake. Mkataba wa namna hiyo una masharti yake na kiinua mgongo chake, mbali na miezi 360 iliyokwisha kuhesabiwa. Kabla ya kusaini, aiandikie Idara ya Pensheni akitaja namba yake ya pensheni, cheo kipya na muda wa mkataba, na aombe jibu la maandishi kwamba malipo ya kila mwezi yataendelea. Jibu la mdomo la afisa wa rasilimali watu halitamsaidia ikitokea baadaye anadaiwa kurudisha fedha.

Na mteja yeyote, wa umma au binafsi, akimpa karatasi yenye kichwa cha "ushauri" huku akimpangia dawati, saa za kuingia na kutoka, mkubwa wa kuripoti kwake na likizo ya kuomba ruhusa, hiyo ni ajira. KRA inaweza kumdai mteja kodi ya mshahara ambayo hakuikata. Mhandisi wetu akipewa karatasi kama hiyo kwa 200,000, ana msingi wa kurudi mezani na kuomba aajiriwe rasmi, au ada ipande hadi 231,000 na saa zake ziwe zake.