Unapomsaili mwalimu wa mtoto wako kwa video, dakika tano za mwanzo ni mzigo wako

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Wazazi watatu tulikuwa tumebanana kwenye benchi dogo la darasa la chekechea hapa Songea, simu tumeiegemeza kwenye boksi la chaki. Shule ilikuwa inatafuta mwalimu wa watoto wetu, na sisi ndio tuliopewa kazi ya kusaili. Mwombaji alikuwa Tunduru. Kutoka huko hadi Songea ni zaidi ya kilomita 250, na kwa usaili wa nusu saa angelazimika kulipa nauli ya kuja na kurudi, pamoja na kutafuta pa kulala. Tukaona ni ungwana kutumia video ya WhatsApp.

Alipopokea tu, mmoja wetu akaanza: "Haya, jieleze."

Kimya. Uso wa yule dada ukatokea, macho yamemtoka. Akasema, "Shikamooni," lakini salamu yake ikafika wakati sisi tunauliza, "Unatusikia?" Sauti zikagongana. Akataja jina lake, akasita, akaanza upya. Nilipochungulia karatasi ya mwenzangu, alikuwa ameshaandika neno moja: "Hajiamini." Hata dakika mbili zilikuwa hazijapita.

Usaili ulipokwisha, mwalimu mkuu, aliyekuwa amekaa nyuma akisikiliza, alituuliza swali lililotuondolea raha: "Hapo mmempima mwalimu, au mmepima mtandao?"

Kwa nini video humfanya mtu aonekane hajui

Watu wawili wakizungumza ana kwa ana, mmoja akimaliza mwingine hudakia mara moja, hata nusu ya sekunde haipiti. Tumezoea mwendo huo tangu utotoni, na mtu akichelewa kidogo kujibu tunahisi anaficha kitu au hana jibu. Kwenye video, sauti na picha husafiri kwanza mtandaoni. Mtandao ukiwa mzito, jibu lililotoka upesi kinywani mwa msailiwa hukufikia likiwa limechelewa.

Mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya jaribio kuhusu jambo hili. Waligundua kwamba sauti ikicheleweshwa kwa sekunde moja na kidogo tu, wasikilizaji waliuona upande wa pili kama mtu asiye mchangamfu wala makini. Hawakuulaumu mtandao, walimlaumu mtu.

Na yule wa upande wa pili naye anapata taabu hiyo hiyo. Anapomaliza jibu, anaona nyuso tatu zimenyamaza. Anadhani amekosea, kwa hiyo anaongeza maneno, nanyi mnaanza kuongea, mnagongana tena. Akiwaona mmeinama, hajui kama mnaandika au mmechoka naye. Mtu aliyekuja na hofu kidogo huondoka nayo imeongezeka.

Ndiyo maana kazi ya kumtuliza msailiwa si huruma ya ziada. Usipoifanya, alama unazoandika si za ualimu wake.

Tulivyoanza upya

Tuliwapigia tena waombaji wote watatu wiki iliyofuata, na wote tuliwafungulia kwa namna moja. Nitaeleza tulivyofanya kwa yule dada wa Tunduru.

Siku moja kabla, tulimtumia ujumbe ulioandika saa kwa namna mbili: "Kesho saa nne kamili asubuhi (10:00)." Ukiandika 10:00 peke yake, kuna atakayesoma saa kumi na kukusubiri jioni. Tulimtajia majina ya watakaomsaili na muda utakaotumika, tukamrushia na bando, kwa sababu mtu anayehofia bando litaisha hawezi kutulia. Sisi wenyewe tuligeuza benchi ili dirisha liwe mbele yetu. Mara ya kwanza lilikuwa nyuma, na bila shaka alichokiona ni vivuli vitatu vyeusi.

Mwenyekiti wetu, mama wa makamo, alipiga simu akitazama ile kamera ndogo iliyo juu ya kioo. Ukitazama picha ya mtu kwenye kioo, yeye anakuona umeangalia chini. Huwezi kuitazama kamera nusu saa nzima, lakini wakati wa salamu inatosha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu, hujambo? Habari za Tunduru?"

"Sijambo. Nzuri mama, mvua tu."

"Na huku inanyesha. Unanisikia vizuri? Unaniona?"

Angalieni hilo neno "mwalimu". Hajaajiriwa na shule yetu, lakini ualimu wake ameusomea. Kuitwa kwa cheo chake kulimfanya akae vizuri kwenye kiti. Na salamu ziliachwa ziishe. Kwetu sisi, mtu aliyekatizwa salamu anajua kabisa kwamba hakukaribishwa.

Kisha mwenyekiti akaigeuza simu taratibu, kila mmoja akaonekana, akasema jina lake na kusalimia. Kama kuna mtu chumbani anayesikiliza bila kuonekana, atajwe. Sauti ya kukohoa kutoka kwa mtu asiyeonekana inaweza kumvuruga msailiwa kuliko swali gumu.

Baada ya hapo alimweleza njia yote, kwa maneno haya niliyoyaandika siku ile:

"Mwalimu, tutakuwa na wewe kama dakika thelathini. Tuna maswali sita, kisha wewe utatuuliza ya kwako. Ukiona tumeinama, tunaandika. Ukimaliza jibu nasi tukanyamaza kidogo, tunasubiri sauti ifike, si kwamba umekosea. Mtandao ukikata, usihangaike kupiga, mimi nitapiga, na tutaendelea pale tulipoishia. Hilo halikupunguzii kitu."

Maneno hayo hayachukui hata dakika moja, lakini yanajibu karibu kila kinachomtisha mtu kwenye video. Ile sentensi ya nani atapiga simu ikikatika ni ndogo, ila msipoisema nyote mtapigiana kwa pamoja na kila mmoja atamkuta mwenzake anatumika.

Swali la kwanza lisilo na alama

"Jieleze" ni swali gumu kuliko linavyoonekana. Aanzie wapi, kuzaliwa, shule, au kazi? Mwenye hofu hupotea hapo hapo. Safari hii mwenyekiti aliuliza: "Mwalimu, tuambie asubuhi darasani kwako huwa inaanzaje, watoto wanapoingia?"

Ni jambo analolifanya kila siku, halina jibu la kukosea. Alianza polepole: anasimama mlangoni, anampokea kila mtoto kwa jina. Alipofika kwa mtoto anayelia kumng'ang'ania mama yake, mikono ikaanza kuongea, akatabasamu mwenyewe.

Jibu hilo hatukulipa alama, na tulikuwa tumekubaliana hivyo mapema. Sababu ni kwamba maoni tunayoyapata dakika za mwanzo hufuatana nasi. Ukishampenda mtu kwa uchangamfu wake, jibu lake la kawaida unalisikia zuri, na ukishaandika "hajiamini", hata jibu zuri unalitafutia kasoro. Kwa hiyo kalamu zilibaki mezani mpaka swali la pili.

Na kila alipomaliza kujibu, tulihesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, ndipo tukasema. Mara mbili aliongeza jambo katika kimya hicho, na mara zote mbili ndilo lililokuwa la maana zaidi.

Pale salamu zinapovuka mpaka

Hapa ndipo sisi wazazi tunapoteleza, tena kwa nia njema. Baada ya habari za nyumbani, ulimi unakwenda wenyewe: "Umeolewa? Una watoto wangapi? Wewe ni Myao wa wapi?" Barazani ni mazungumzo ya kujuana. Kwenye usaili, dada aliye upande wa pili anasikia kitu kingine: nikisema nina mtoto mchanga, nimeikosa kazi.

Hofu yake ina msingi, na sheria inaitambua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa kabila au mahali mtu anapotoka, dini, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia, na ulinzi huo unamfikia hata mwombaji ambaye hajaajiriwa bado. Zungumzeni mvua, barabara, mavuno ya mahindi au darasa lake. Kama mnachotaka kujua ni iwapo atawahi kufika saa moja asubuhi, mwambieni muda wa kazi kisha mumuulize kama anaumudu, na waombaji wote waulizwe vivyo hivyo, wa kike na wa kiume.

Utani nao uwekeni kando. Utani wa makabila ni mtamu kati ya watu walio sawa, lakini siku hiyo mmoja ameshika kazi na mwingine anaiomba. Atacheka kwa sababu hana namna.

Utajuaje kwamba ametulia

Mtu aliyetulia hujibu zaidi ya ulichouliza. Anatoa mfano bila kuombwa, na anathubutu kusema, "Samahani, sijalisikia swali." Asiyetulia hukupa "ndiyo" na "hapana", hurudia swali lako kabla ya kulijibu, au hutazama pembeni mara kwa mara.

Ukiyaona hayo, usimwambie "usiogope". Utakuwa umemtangazia kwamba hofu yake imeonekana. Ligawe swali: badala ya "Unafundishaje kusoma?" uliza, "Wiki ya kwanza unaanza na herufi gani?" Kama picha inakwamakwama, mwambie mzime video nyote wawili muendelee kwa sauti. Kumfanya aendelee kuonekana wakati maneno hayafiki hakuna faida.

Lakini kumtuliza mtu kuna mpaka wake. Kama ametulia, anasimulia vizuri, kisha ukimuuliza atafanyaje mtoto akianguka na kuumia anazungukazunguka, hilo sasa ni jibu lake, liandikeni. Kumtuliza kulikuwa ni kuondoa vumbi ili mwone kilichopo.

Yule dada wa Tunduru hakupata nafasi. Mwombaji mwingine alimzidi alama chache katika swali la kuandaa somo. Mwenyekiti alimpigia mwenyewe kumwambia, na kumweleza alipopungukiwa. Alishukuru, kisha akauliza kama tungekubali kumwita tena nafasi nyingine ikitokea.

Ile karatasi ya kwanza iliyoandikwa "Hajiamini" mwenzetu aliichana siku ile ile ya simu ya pili, kabla hatujafika swali la tatu.