Karanga Zilipokatika Malawi

Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walianza kuugua ugonjwa uliokausha na kuitia weusi ngozi ya mikono na shingo. Chakula walikuwa wakipata, ila mgawo ulikuwa mahindi kwa sehemu kubwa, na karanga walizozoea kupewa zilikuwa zimekatika. Kati ya Julai na Septemba pekee wagonjwa walizidi 17,000. Hiyo ni pelagra, inayoletwa na upungufu wa niasini, vitamini ya kundi B.

Je, walikosa chakula cha kutosha? Tumchukue mkulima mwanamke wa miaka 25 mwenye kilo 60. Kwa wanawake wa miaka 18 hadi 30, uzito huzidishwa kwa 14.7, kisha huongezwa 496. Yeye anapata 1,378, kilokalori ambazo mwili huzitumia hata akiwa amelala tu. Kwa kuwa anashika jembe, tunazidisha kwa 1.75, tunafika 2,400 hivi. Angekuwa wa kukaa ofisini, kuzidisha kwa 1.5 kungetosha. Haya ni makadirio tu, maana miili hutofautiana.

Gramu 100 za unga wa mahindi zina kilokalori 360 hivi. Basi gramu 670 za unga zingemaliza mahitaji yake ya nguvu kwa siku, na bado angeweza kupata pelagra.

Shida ni kwamba sehemu kubwa ya niasini ya mahindi imeshikamana na nafaka kiasi kwamba utumbo hauwezi kuifyonza. Mwili unaweza kujitengenezea niasini kutokana na triptofani, kijenzi cha protini, lakini nayo ni haba katika mahindi. Wenyeji wa Meksiko walichemsha mahindi kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa ikaiachilia niasini. Mahindi yalipofika Ulaya, upishi huo haukufuatana nayo. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal alikwisha kuuona ugonjwa huu kwa maskini wa Asturias, Hispania.

Pelagra hutambulika kwa mpangilio wake: madoa hutokea pale jua linapopiga, mkono wa kulia sawasawa na wa kushoto, yakikoma kwenye ukingo wa shati. Shingoni huzunguka kama mkufu. Hufuata kuhara, kisha kuchanganyikiwa, na asiyetibiwa anaweza kufa. Akipewa vidonge vya nikotinamidi, vidonda vya mdomo na kuhara hupungua ndani ya siku chache. Ngozi huchelewa zaidi.

Mwanamke huhitaji miligramu 14 za niasini kwa siku, na gramu 100 za karanga zina 12 hivi, mbali na triptofani. Ndiyo maana ugali kwa mchicha wa karanga ni mlo wenye akili kuliko unavyosifiwa. Mchicha huongeza madini ya chuma, ambayo yakipungua huleta upungufu wa damu. Ndimu iliyokamuliwa juu yake husaidia chuma hicho kufyonzwa, ila chai ya rangi ikinywewa papo hapo hukizuia, hivyo ni afadhali isubiri saa moja au mbili.