Pikofaradi mbili zinazobana amplifaya

Transista ya aina ya FET ina miguu mitatu: geti, dreni na sosi. Katika amplifaya yenye sosi ya pamoja, ishara huingia kwenye geti na kutokea kwenye dreni ikiwa imekuzwa na kugeuzwa: geti ikipanda, dreni hushuka. Kwenye masafa ya chini sana ukuzaji hupungua kwa sababu kapasita za kuunganishia huzuia ishara iendayo polepole. Dawa yake ni kuweka kapasita kubwa zaidi. Kikomo cha juu ni kigumu zaidi, kwa kuwa chanzo chake kimo ndani ya transista yenyewe.

Kati ya geti na dreni kuna kapasitansi ndogo isiyokwepeka. Tuseme ni pikofaradi 2, na ile ya kati ya geti na sosi ni pikofaradi 5. Amplifaya inakuza volti mara 20. Geti ikipanda milivolti 1, dreni hushuka milivolti 20, hivyo tofauti kati ya miguu hiyo miwili hubadilika kwa milivolti 21. Chaji inayohitajika ni mara 21 ya ile ambayo ingetosha kama dreni ingetulia, na yote hutoka upande wa geti. Kwa anayeisukuma geti, pikofaradi 2 zimekuwa 42. Mwamerika John M. Miller aliueleza mkuzo huu mwaka 1920, akichunguza vali za redio, na hadi leo unaitwa athari ya Miller.

Jumla mlangoni ni pikofaradi 47. Ikiwa ishara inapitia ukinzani wa kiloomu 10, masafa ambayo ukuzaji unashuka kutoka 20 hadi takriban 14 hupatikana hivi:

```
f = 1 / (2πRC) ≈ 340 kHz
```

Pikofaradi 5 peke yake zingefikisha kikomo hicho karibu megahezi 3.2. Pengo hilo lote limeletwa na pikofaradi 2.

Fundi anaweza kuitambua athari hii kwa kupunguza resista ya dreni kwa nusu. Ukuzaji ukishuka hadi 10, mlangoni hubaki pikofaradi 27 na kikomo hupanda hadi karibu kilohezi 590, ingawa upande wa kuingilia haukuguswa. Kupunguza ukinzani wa kiloomu 10 nako husaidia, pale chanzo cha ishara kinaporuhusu.

Njia nzuri zaidi ni kaskodi. Transista ya pili, ambayo geti yake imeshikiliwa kwenye volti isiyobadilika, huwekwa juu ya dreni ya kwanza. Dreni hiyo sasa hucheza kwa kiasi kinachokaribia kile cha geti tu, hivyo pikofaradi 2 huonekana kama 4. Mlangoni hubaki 9, na kikomo cha upande huo hufika karibu megahezi 1.8, huku ukuzaji wa mara 20 ukipatikana kwenye dreni ya transista ya pili.