Dripu huokoa maji, lakini haiondoi chumvi shambani

Mkulima wa Tana River anayeacha mifereji na kununua mipira ya dripu huwa anafikiria maji kwanza, na hesabu hiyo iko sawa. Kinachosahaulika ni chumvi. Baada ya misimu miwili au mitatu baadhi ya mashamba ya dripu huanza kuonyesha unga mweupe kati ya mistari, majani ya nyanya yanaungua kwenye kingo, na miche inakwama ingawa udongo umelowa. Wengi hudhani ni ugonjwa au mbolea mbaya. Makala haya yanaeleza chumvi hiyo inatoka wapi, kwa nini mfereji na dripu huiweka mahali tofauti, na mkulima afanye nini kabla haijamla mazao.

Tuanze na maji yenyewe. Chukua robo ekari ya nyanya, yaani karibu mita za mraba 1,000. Katika joto letu, nyanya hunywa wastani wa milimita 5 za maji kwa siku. Kwa msimu wa siku 100 hizo ni milimita 500, na kwa eneo hilo ni lita 500,000. Hayo ni maji yanayopaswa kuufikia mzizi. Yanayotoka kwenye tangi au mfereji mkuu lazima yawe zaidi, kwa sababu mengine hupotea njiani.

Kwa kawaida wataalamu wa umwagiliaji huhesabu kwamba mfereji wa shambani hufikisha kwenye mzizi kama asilimia 60 ya maji yaliyoingizwa. Mengine huzama chini sana pale mwanzo wa mfereji, ambapo maji hukaa muda mrefu, au hutiririka na kutoka mwisho wa shamba. Dripu iliyotunzwa vizuri hufikisha kama asilimia 90. Kwa hiyo robo ekari yetu itahitaji karibu lita 833,000 kwa mfereji na lita 555,000 kwa dripu. Tofauti ni lita 278,000, karibu matangi 28 ya lita 10,000. Kwa anayelipia mafuta ya pampu, hiyo si tofauti ndogo, na wakazi wa Bura, ambako kwa miaka mingi maji yalivutwa kwa pampu za dizeli kutoka Nanigi, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tuingie kwenye chumvi.

Maji yote ya kumwagilia yana chumvi, hata yale tunayoyaita matamu. Chumvi hupimwa kwa kifaa kidogo kinachotazama jinsi maji yanavyopitisha umeme: kadiri chumvi inavyozidi, ndivyo kipimo kinavyopanda. Kipimo kinaitwa desisimensi kwa mita. Hapa tutakiita "kipimo" tu. Maji yaliyo chini ya 0.7 hayana shida kwa mazao mengi. Kati ya 0.7 na 3 yanahitaji uangalifu, na juu ya 3 ni hatari kwa mboga nyingi. Maji ya Mto Tana huwa upande wa chini. Visima vilivyo mbali na mto ni habari nyingine, kwani vingi vina maji ya chumvi, na ndivyo hasa vinavyofungwa dripu kwa sababu maji yake ni machache.

Tuseme kisima chako kina kipimo cha 1.6. Hiyo ni karibu gramu moja ya chumvi kwa kila lita, na wengi wetu tungeyanywa maji hayo bila kulalamika sana. Rudi kwenye robo ekari. Dripu yenye lita 555,000 italeta shambani kilo 555 za chumvi katika msimu mmoja, sawa na magunia 11 ya kilo 50. Mfereji ungeleta magunia karibu 17. Mmea huchukua sehemu ndogo sana ya chumvi hiyo. Jua nalo hunyonya maji tu, chumvi hubaki.

Hapa ndipo mambo yanapogeuka. Kwa mfereji, yale maji "yanayopotea" kwa kuzama chini hayapotei bure yote. Yanapopita kwenye mzizi huenda na chumvi na kuishusha mbali. Dripu iliyopimwa kikamilifu, inayotoa kile mmea unachokunywa na si tone zaidi, haisukumi kitu chini. Magunia yote 11 yanabaki pale pale, msimu baada ya msimu. Shamba linaloonekana kutumia maji kwa nidhamu kubwa linaweza kuwa ndilo linalojaa chumvi kwa haraka.

Dawa yake ni kuongeza maji kwa makusudi ili yaoshe. Kiasi hutegemea maji na zao. Kwa maji yetu ya kipimo cha 1.6, nyanya, ambayo huvumilia chumvi kwa wastani, inahitaji kama lita 15 katika kila 100 zipite chini ya mzizi. Hesabu ya dripu inapanda hadi karibu lita 650,000, na bado ni nafuu kuliko mfereji. Kitunguu hakivumilii. Kwa maji hayo hayo kinahitaji kama lita 36 katika kila 100. Kama mahitaji yake ya kunywa yangekuwa sawa na ya nyanya, hesabu ingefika karibu lita 870,000, na faida yote ya dripu ingekuwa imeyeyuka. Maharagwe ni mabaya zaidi kuliko kitunguu, ilhali pamba huvumilia sana. Kwa hiyo mwenye kisima cha chumvi aamue zao kabla ya kuamua aina ya mipira.

Chumvi hukaa wapi

Chini ya kila tundu la dripu udongo hulowa kwa umbo la kitunguu: umejaa katikati na kukonda kuelekea pembeni. Maji husafiri kutoka katikati kwenda nje na kubeba chumvi hadi ukingoni, ambako udongo mkavu unaanza. Ndiyo maana ule unga mweupe huonekana kama duara kuzunguka sehemu iliyolowa, au kama mstari katikati ya mipira miwili. Mzizi ulio ndani ya duara uko salama muda wote duara linapobaki pana.

Tundu likiziba, duara husinyaa na ukingo wa chumvi husogea hadi kwenye shina. Maji ya visima vyetu mara nyingi huacha ukoko mweupe wa chokaa kwenye matundu, kama ule wa ndani ya birika. Ili kujua, weka kopo chini ya tundu la mwanzo wa mpira na lingine chini ya tundu la mwisho kwa saa moja, kisha linganisha. Tofauti ikizidi sehemu moja kwa kumi, safisha chujio, fungua miisho ya mipira na uache maji yatoke hadi yawe safi.

Kuna jambo jingine ambalo huwashangaza wengi. Manyunyu ya kwanza ya msimu yanaweza kuua mimea. Mvua ndogo huyeyusha chumvi iliyokuwa juu na kuirudisha kwenye mzizi, lakini haina nguvu ya kuishusha zaidi. Mkulima naye amezima dripu kwa furaha. Iache ikifanya kazi hadi mvua ifike takriban milimita 50. Kopo lenye kuta zilizonyooka na rula vinatosha kupima. Na msimu ujao panda kwenye mistari ile ile ya zamani. Nafasi ya katikati, inayoonekana kama udongo uliopumzika, ndiyo ghala la chumvi.

Kwenye mfereji chumvi hupanda. Maji huingia tutani kutoka pande zote mbili, hukutana katikati, na jua huyavuta juu, kwa hiyo kilele cha tuta ndicho chenye chumvi nyingi. Anayepanda mbegu pale kileleni anaipanda mahali pabaya kuliko pote, na mbegu inayoota ni dhaifu kuliko mmea mkubwa. Panda begani mwa tuta, karibu na mstari wa maji. Njia nyingine ni kumwagilia mfereji mmoja na kuruka unaofuata. Chumvi husukumwa hadi upande mkavu, nawe unapanda upande wa maji.

Bura na Hola: maji matamu, udongo wenye chumvi

Mkulima wa skimu anaweza kusema hayo hayamhusu kwa kuwa maji ya mto ni matamu. Bura, hata hivyo, ina udongo wa juu mwembamba uliolala juu ya tabaka lenye chumvi na magadi. Mvua ni kama milimita 400 kwa mwaka, na jua linaweza kukausha zaidi ya milimita 2,000. Maji ya mfereji yakizidi na kukosa njia ya kutokea, hujikusanya juu ya tabaka hilo, huyeyusha chumvi yake, kisha hupanda nayo kama mafuta ya taa kwenye utambi. Kuosha hakusaidii pasipo na mtaro wa kutolea maji. Chimba shimo la mita 2 na uliangalie siku mbili baadaye. Ukikuta maji, tatizo lako ni kutoa maji, na hapo matumizi madogo ya dripu yana faida kubwa kuliko popote pengine.

Magadi yana dalili zake. Udongo huteleza ukilowa, huwa kama simiti ukikauka, na maji hutuama juu siku nzima bila kuzama. Kuuosha udongo wa namna hiyo kwa maji matupu kunaweza kuufunga zaidi. Unahitaji kwanza jasi, na kiasi chake hakikisiwi kwa macho. Hutoka kwenye majibu ya maabara.

Kwa kipimo hicho, chukua udongo baada ya mavuno na kabla ya mvua. Chota kwanza ukoko mweupe wa juu na uuweke kando kwenye mfuko wake, kisha chota kutoka sentimita 0 hadi 20, 20 hadi 40, na 40 hadi 60. Fanya hivyo chini ya tundu la dripu na tena katikati ya mistari, au begani na kileleni mwa tuta kwa shamba la mifereji. Usichanganye. Kila kina na kila mahali pawe na mfuko wake wa nusu kilo wenye maandishi, na uongeze chupa ya maji ya kisima au mfereji wako. Afisa wa kilimo wa wadi atakuelekeza jinsi ya kuifikisha maabara ya udongo ya KALRO. Ukipata majibu, tazama kwanza tofauti kati ya mifuko ya chini ya tundu na ya katikati ya mistari, kisha uone kama kipimo kinapanda au kinashuka kadiri unavyokwenda chini. Kikipanda kuelekea chini, uoshaji wako unafanya kazi. Kikiwa juu zaidi karibu na uso wa ardhi, chumvi inapanda.