Kubashiri kwa kupinga: dhima, kamisheni na faida katika soko la dau

Mashabiki wengi wa kandanda, kuanzia Kampala hadi Dar es Salaam, huweka dau kwa kampuni ambayo yenyewe hupanga odi, yaani kizidishio cha dau. Nchini Uingereza upo pia utaratibu wa aina nyingine: soko la kubadilishana dau, ambamo mtu hubashiri dhidi ya mtu, na mwenye soko huwakutanisha tu. Linalojulikana zaidi ni Betfair, lililoasisiwa na Andrew Black na Edward Wray na kuanza kazi mwaka 2000.

Katika soko hilo mshiriki anaweza kuunga mkono matokeo fulani au kuyapinga. Anayepinga ushindi wa timu ya nyumbani hupata pesa timu hiyo ikifungwa, na vilevile ikitoka sare. Kwa hakika, amechukua nafasi ambayo kwingineko hushikwa na kampuni ya kubashiri.

Dhima ni nini?

Anayeunga mkono hupoteza dau lake tu. Anayepinga hupoteza kiasi kinachotegemea odi, nacho huitwa dhima. Hupatikana kwa kutoa moja kwenye odi, kisha kuzidisha kwa dau la upande wa pili. Akipinga dau la pauni 100 kwa odi ya 3.0, dhima yake ni pauni 200. Kwa odi ya 11.0, dau lile lile humletea dhima ya pauni 1,000, ilhali anachoweza kupata ni pauni 100 tu. Soko huizuia dhima yote kwenye akaunti yake mapema, ili mshindi asikose malipo.

Kuunga mkono na kupinga kwa pamoja

Chukua mfano wa mtu aliyeweka pauni 75 kwa timu ya nyumbani kushinda, kwa odi ya 4.0. Timu ikishinda, atapata faida ya pauni 225. Kabla ya mechi, habari zinaenea kwamba mlinda lango wa wageni ameumia, na odi inashuka hadi 3.0. Sasa anapinga ushindi ule ule kwa dau la pauni 100.

Timu ikishinda, anapata pauni 225 na kulipa dhima ya 200, zinabaki 25. Isiposhinda, anapoteza 75 na kupokea 100; zinabaki 25 vilevile. Dau hilo la kupinga halikukisiwa: ni dau la kwanza mara odi ya kwanza, yaani 300, kugawanywa kwa odi mpya ya 3.0.

Kamisheni hutozwa kwenye faida halisi ya mechi hiyo, baada ya ushindi na hasara kujumlishwa. Kwa kiwango cha asilimia 5, soko litachukua pauni 1.25 na kumwachia 23.75. Asiyepata faida hatozwi kamisheni hiyo.

Hesabu hubadilika iwapo dau la kwanza liliwekwa kwa kampuni ya kawaida na la pili sokoni. Timu ikishinda, anabaki na pauni 25, kwa kuwa sokoni amepata hasara. Isiposhinda, soko hutoza asilimia 5 ya zile pauni 100 zote, bila kujali kwamba kwingine amepoteza 75, na anabaki na 20. Ili pande zote zilingane, kamisheni huondolewa kwenye odi ya kupinga kabla ya kugawanya: 300 kwa 2.95. Dau huwa pauni 101.69, na faida ni takriban pauni 21.60 kila upande.

Mambo yanapokwenda kombo

Faida hiyo haipo mpaka dau la pili lipate mtu wa kulipokea. Ikiwa katika zile pauni 100 ni 40 tu zilizopokewa, dhima ni 80. Timu isiposhinda, mshiriki amepoteza 75 na kupata 40. Hasara ni pauni 35. Kwa hiyo cha kutazamwa ni kiasi kilichopokewa, wala si kilichoombwa. Bao linapofungwa, soko husimamishwa kwa muda, na likifunguliwa odi huwa nyingine kabisa.

Aidha, odi inaweza kupanda. Ikifika 5.0, kusawazisha kunahitaji dau la pauni 60 lenye dhima ya 240. Timu ikishinda, 225 hazitoshi kulipa 240. Isiposhinda, 60 hazifidii 75. Matokeo yoyote yatakayotokea, amepoteza pauni 15. Kuunga mkono na kupinga jambo lile lile huondoa mashaka ya mechi, lakini mashaka ya bei hubaki pale pale tangu dau la kwanza hadi la pili.